Je, Wajua? Command Prompt au PowerShell: Ipi Ufungue Unapofuata Somo

Je, wajua kwamba herufi mbili tu zinatosha kukuonyesha uko wapi? Fungua dirisha la amri kwenye Windows, kisha tazama mwanzo wa mstari unaokusubiri uandike. Ukiona hivi, uko ndani ya Command Prompt:

```
C:\Users\mwanafunzi>
```

Ukiona hivi, uko ndani ya PowerShell:

```
PS C:\Users\mwanafunzi>
```

Anayeanza kujifunza aizoee PS hiyo kabla ya kujifunza amri yoyote. Sehemu kubwa ya malalamiko ya "nimeandika kama mwalimu alivyoandika na imekataa" huishia hapo: mwalimu alikuwa kwenye programu moja, mwanafunzi yuko kwenye nyingine. Somo likiwa la video, simamisha picha na utazame mwanzo wa mstari wa mwalimu. Likiwa la maandishi, tafuta picha ya skrini yake.

Rangi ya dirisha si ushahidi. Zamani PowerShell ilifunguka kwenye dirisha la buluu na Command Prompt kwenye dirisha jeusi. Siku hizi Windows 11 huzifungua zote ndani ya Windows Terminal, programu ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2020. Hilo ni dirisha tu. Anayesoma amri zako na kuzitekeleza ni yule aliye ndani yake, na wawili hao wanaweza kukaa bega kwa bega katika dirisha hilohilo.

Je, wajua kwamba programu hizi mbili zimepishana kwa zaidi ya miaka kumi? Command Prompt, ambayo faili yake huitwa `cmd.exe`, imekuwa ndani ya Windows NT tangu 1993, na ilirithi amri zake nyingi kutoka MS-DOS ya 1981. Ndiyo maana `dir`, `copy` na `del` ni maneno yanayofahamika hata kwa waliotumia kompyuta kabla ya kipanya kuenea. PowerShell ilitoka Novemba 2006, ikiongozwa na mhandisi Jeffrey Snover wa Microsoft, ambaye mwaka 2002 alikuwa ameandika waraka wa kueleza kwa nini Windows inahitaji programu mpya kabisa ya amri. Haikutengenezwa kama Command Prompt iliyoboreshwa. Ni lugha nyingine, yenye sarufi yake.

Hata hivyo watengenezaji wake hawakutaka watu waliozoea amri za zamani wapotee siku ya kwanza. Wakaweka majina ya mkato. Ukiandika `dir` kwenye PowerShell, kinachofanya kazi ni amri yake yenyewe iitwayo `Get-ChildItem`, ambayo imepewa `dir` kama jina la pili. Ulikuwa wema wa kweli, na unasaidia kila siku. Lakini mitego mingi utakayoiona hapa chini imetokana na majina ya mkato.

Je, wajua kwamba amri nyingi za masomo hazijali uko wapi? Ukiandika `python app.py`, `pip install flask`, `git clone` au `node server.js`, unaita programu inayojitegemea. Kazi ya Command Prompt au PowerShell hapo ni kuitafuta kwenye diski na kuiwasha tu. Ndiyo maana mtu anaweza kufuata nusu ya somo bila shida, akaamini kwamba hakuna tofauti, kisha akakwama kwenye mstari wa tisa. Tofauti inaanza pale mstari unapomwagiza yule mwenye dirisha mwenyewe: weka thamani fulani, hamia diski nyingine, orodhesha faili, unganisha amri mbili.

Je, wajua kwamba `dir /s` hukataa ndani ya PowerShell ingawa `dir` hukubali? Kwenye Command Prompt, mstari huo huorodhesha faili za folda uliyomo pamoja na folda zote zilizo ndani yake. PowerShell haitumii mkwaju kuonyesha chaguo, hutumia kistari. Kwa hiyo inadhani `/s` ni njia ya folda iitwayo `s` iliyoko kwenye mzizi wa diski, nayo inakujibu:

```
Cannot find path 'C:\s' because it does not exist.
```

Ukikutana na kosa linalotaja folda ya herufi moja ambayo hukuiomba, ujue umeleta amri ya Command Prompt mahali pasipo pake. Kwenye PowerShell andika `dir -Recurse`.

Huo ndio mtego mwepesi, kwa sababu unalalamika kwa sauti. Mibaya ni ile inayonyamaza.

Je, wajua kwamba `where python` haitoi jibu lolote kwenye PowerShell, hata kama Python ipo? Masomo mengi huanza kwa mstari huo ili uhakikishe kwamba Python imewekwa. Command Prompt hukuonyesha njia ya faili ilipo. Kwenye PowerShell, `where` ni jina la mkato la amri ya kuchuja vitu, `Where-Object`. Haikupewa kitu cha kuchuja, kwa hiyo haichuji na haisemi neno. Mwanafunzi anaona mstari mtupu, anaamua kwamba Python haipo, anaiweka mara ya pili, na sasa ana Python mbili zinazogongana. Andika `where.exe python`. Ile `.exe` inamaanisha kwamba unataka programu yenyewe, si jina la mkato.

Je, wajua kwamba amri ya kusimamisha huduma inaweza kugeuka kuwa amri ya kuandika faili? Masomo ya kurekebisha printa iliyokwama hupenda mstari huu:

```
sc stop spooler
```

Kwenye Command Prompt, unasimamisha huduma ya Windows inayopanga foleni ya kuchapisha. Kwenye Windows PowerShell 5.1, ile inayokuja na Windows, `sc` ni jina la mkato la `Set-Content`. Matokeo yake ni faili mpya iitwayo `stop`, yenye neno moja ndani yake: `spooler`. Hakuna kosa linaloonyeshwa, na foleni ya printa inabaki kama ilivyokuwa. Na kwa kuwa amri za namna hiyo hutaka dirisha la msimamizi, ambalo kwa kawaida hufunguka ndani ya `C:\Windows\System32`, hiyo faili isiyo na maana inaweza kuangukia humo. Waliotengeneza matoleo mapya ya PowerShell waliliondoa jina hilo la mkato, na walifanya vyema. Kwa sasa andika `net stop spooler`, ambayo hufanya kazi ileile pande zote mbili.

Je, wajua kwamba mstari mmoja wa `set` unaweza kukupotezea jioni nzima? Tufuate kisa hiki hatua kwa hatua, kwa sababu ndicho kinachowakuta wanaoanza kujifunza kutengeneza tovuti kwa Python. Somo linakuagiza uandike programu fupi ya Flask ndani ya faili `hello.py`, kisha uingize mistari hii miwili:

```
set FLASK_APP=hello.py
flask run
```

Mstari wa kwanza unaweka kigeu cha mazingira. Ni jina lenye thamani, linalokaa ndani ya dirisha lako la amri, na kila programu utakayoiwasha kutoka dirisha hilo hupewa nakala yake. Flask ikiwaka hutafuta jina `FLASK_APP` ili ijue programu yako iko kwenye faili gani.

Kwenye Command Prompt kila kitu kinakwenda sawa. Kwenye PowerShell unaandika mstari wa kwanza na hakuna kosa. Dirisha linarudi kimya, PS inakusubiri. Unaandika wa pili, na Flask inakujibu kwamba haioni programu yoyote:

```
Error: Could not locate a Flask application.
```

Hapo wengi huifungua upya faili `hello.py` na kuanza kutafuta kosa kwenye msimbo wao. Msimbo hauna kosa. Kwenye PowerShell, `set` ni jina la mkato la `Set-Variable`, amri inayotengeneza vigeu vya PowerShell yenyewe, ambavyo havipelekwi kwa programu nyingine. Nayo imesoma maneno yako vingine kabisa: imetengeneza kigeu ambacho jina lake lote, pamoja na alama ya usawa, ni `FLASK_APP=hello.py`, na ambacho hakina thamani. Kwa PowerShell hiyo ni kazi halali iliyokamilika, ndiyo maana haikulalamika. Flask haikuletewa chochote.

Mstari sahihi wa PowerShell ni huu:

```
$env:FLASK_APP = "hello.py"
```

Ili uhakikishe, andika `$env:FLASK_APP` peke yake ubonyeze Enter. Ukiona `hello.py`, endelea. Ukiona mstari mtupu, thamani haijaingia. Kwenye Command Prompt uhakiki huohuo ni `echo %FLASK_APP%`. Kumbuka pia kwamba thamani hizi hufa dirisha linapofungwa. Kesho ukifungua dirisha jipya na Flask ikakataa tena, usishangae. Iweke upya.

Flask ina msamaha wake: faili ikiitwa `app.py`, huiona yenyewe bila kuambiwa. Ndiyo maana wawili wanaweza kufuata somo moja, kwenye PowerShell ileile, mmoja akafaulu na mwingine akakwama, kwa sababu tu ya jina la faili.

Je, wajua kwamba kuna kosa ambalo PowerShell hulitoa kwa makusudi ili kukulinda? Somo lilelile la Flask, kabla ya hapo, lilikuagiza utengeneze mazingira ya Python ya mradi wako, yaani folda yenye Python na maktaba za mradi huo peke yake, kisha uyawashe:

```
py -m venv .venv
.venv\Scripts\activate
```

Mstari wa kwanza ni salama kokote. Wa pili una njia mbili. Ndani ya folda `Scripts` mna faili `activate.bat` kwa ajili ya Command Prompt na `Activate.ps1` kwa ajili ya PowerShell, na kila programu huchukua iliyo yake. Tatizo ni kwamba kwenye Windows za kawaida, zile za nyumbani na ofisini, PowerShell imefungwa isiendeshe faili za skripti hadi mwenye kompyuta aruhusu. Kwa hiyo unaletewa maandishi mekundu yenye maneno haya:

```
running scripts is disabled on this system
```

Hukukosea kuandika, na Python haijaharibika. Una njia mbili za halali. Ya kwanza ni kuruhusu skripti kwa dirisha hilo tu, ruhusa inayokufa ukilifunga:

```
Set-ExecutionPolicy RemoteSigned -Scope Process
```

Ya pili ni kuandika `CurrentUser` badala ya `Process`, na ruhusa inabaki kwa akaunti yako. Hakuna inayohitaji dirisha la msimamizi. `RemoteSigned` inamaanisha skripti zilizotengenezwa kwenye kompyuta yako zitaendeshwa, na zilizoletwa kutoka mtandaoni zitadaiwa sahihi ya mtengenezaji anayeaminika. Masomo mengine hushauri `Unrestricted` au `Bypass`. Usiyafuate. Kazi hii haihitaji kulegeza kiasi hicho. Na kama kompyuta ni ya ofisi au ya chuo, msimamizi wa mtandao anaweza kuwa ameifunga kwa sera ya juu zaidi. Amri yako itakataliwa hata ukiiandika vizuri, na hapo Command Prompt ndiyo njia rahisi.

Kuna tofauti moja ya kimya katika jambo hili. Somo likikuandikia jina kamili, `.venv\Scripts\activate.bat`, nawe uko PowerShell, hakuna kosa litakalotokea. PowerShell itaiwasha Command Prompt nyuma ya pazia, mazingira yatawashwa mle ndani, kisha Command Prompt hiyo itafungwa na kuondoka nayo. Wewe umebaki ulipokuwa. `pip install` itakayofuata itaweka maktaba kwenye Python kuu ya kompyuta, na mradi hautaziona. Dalili ya kuangalia ni jina la mazingira ndani ya mabano mwanzo wa mstari:

```
(.venv) PS C:\Users\mwanafunzi\mradi>
```

Mabano yasipokuwepo, mazingira hayajawashwa, hata kama hakuna kosa lililoonyeshwa.

Je, wajua kwamba PowerShell zenyewe ni mbili? Inayokuja na Windows ni toleo la 5.1, na faili yake huitwa `powershell.exe`. Nyingine, toleo la 7, ilitoka Machi 2020. Huipakua mwenyewe, hukaa pembeni ya ile ya kwanza bila kuiondoa, na faili yake huitwa `pwsh.exe`. Kwa anayefuata masomo, tofauti inayogusa zaidi ni alama ya `&&`, ile inayosema fanya hili, likifaulu fanya na lile. Command Prompt inaijua, toleo la 7 linaijua, 5.1 haiijui. Ukiletewa kosa linalosema `The token '&&' is not a valid statement separator`, andika amri hizo mbili kwenye mistari miwili. Ukitaka kujua toleo lako, andika `$PSVersionTable`.

Je, wajua kwamba mstari wenyewe mara nyingi hutaja kwao? Alama za asilimia kuzunguka jina, kama `%USERPROFILE%`, ni za Command Prompt. `$env:` ni ya PowerShell, na vivyo hivyo amri zenye kitendo, kistari na jina, kama `Get-Process` au `Remove-Item`. `cd /d D:\` ni ya Command Prompt. PowerShell huhamia diski nyingine kwa `cd D:\` tu, wakati Command Prompt ukiiandikia hivyo hukaa kimya palepale ilipokuwa. Faili inayoishia kwa `.bat` ni ya Command Prompt, ya `.ps1` ni ya PowerShell.

Na kama mstari unaanza kwa alama ya dola ikifuatwa na nafasi, au una `export` au `source`, huyo mwalimu kwa kawaida hayuko Windows kabisa. Huenda yuko Linux au Mac. Dola hiyo ni mwanzo wa mstari wake, kama PS ilivyo mwanzo wa wako, nayo hainakiliwi.

Je, wajua kwamba kuna mstari ambao hupaswi kuunakili hata kama umeandikwa sawasawa? Ni ule unaochukua maandishi kutoka mtandaoni na kuyaendesha papo hapo. Kwenye PowerShell utautambua kwa `iex` au `Invoke-Expression`, mara nyingi pamoja na `irm` au `iwr`. Watengenezaji wengine halali huutumia kusambaza programu zao, na matapeli pia: kurasa bandia hujifanya zinahakikisha wewe ni binadamu, kisha zinakuagiza ubonyeze kitufe cha Windows na R, ubandike, ubonyeze Enter. Hakuna uhakiki wa kweli unaohitaji hivyo. Mstari wa `iex` ukiukuta, uendeshe tu kama umeutoa kwenye ukurasa rasmi wa programu unayoiweka. Na lile zuio la skripti tuliloliona juu halitakuokoa hapa, kwa sababu linahusu faili, na huu si faili.

Je, wajua kwamba unaweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine bila kufunga dirisha? Ukiwa ndani ya PowerShell, andika `cmd` ubonyeze Enter. PS inatoweka, na sasa uko Command Prompt, kwenye folda ileile. Fanya kazi yako, kisha andika `exit` urudi. Angalia tu kwamba thamani utakazoziweka kwa `set` ukiwa humo hazitarudi nawe, kwa hiyo amri inayozihitaji, kama `flask run`, iendeshe kabla ya kutoka. Na kama unataka dirisha lifunguke moja kwa moja kwenye folda ya mradi, ifungue folda hiyo kwenye File Explorer, bofya palipoandikwa njia yake juu, futa, andika `cmd` au `powershell`, bonyeza Enter.

Basi ipi? Somo likitaja jina au likionyesha alama yake, fungua ileile ya mwalimu, hata kama ni ya zamani. Anayeanza hana sababu ya kutafsiri kila mstari huku bado anajifunza kile somo linachofundisha. Somo likinyamaza na mistari isiwe na alama yoyote, fungua PowerShell. Ndiyo inayofunguka yenyewe kwenye Windows Terminal, na ndiyo utakayoikuta ukifungua terminali ndani ya VS Code, kwa hiyo mwalimu wa miaka ya karibuni ana uwezekano mkubwa wa kuwa humo. Ukikutana katikati na `set`, `%` au `cd /d`, andika `cmd`, maliza sehemu hiyo, kisha andika `exit`.